Jumanne saa mbili na nusu: nilivyokubaliana na mgeni wa Leipzig

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kupata mgeni wa kubadilishana naye mazoezi ya kuongea lugha alinipa ushauri uleule: tafuta mtu mtandaoni, anzeni kuongea, mengine mtaelewana mbele ya safari; ukimbana mgeni kwa masharti atakimbia. Ushauri huo umeua mazoezi ya watu wengi, yangu yakiwemo, na unayaua kwa namna ileile. Wiki ya kwanza mnapiga gumzo saa nzima mkifurahi. Wiki ya pili mmoja anaandika, "Tuongee wikendi." Sasa wikendi ni ndefu, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Mwishowe mnabaki kutakiana heri ya Krismasi, ingawa hamjawahi kugombana.

Kwa hiyo nilipompata mwanafunzi wa Leipzig, Ujerumani, anayejifunza Kiswahili, wakati mimi nikijiandaa kwa mtihani wa kuzungumza Kijerumani wa kiwango cha B1, nilimtumia masharti kabla ya simu ya kwanza. Hakukimbia. Aliongeza na lake moja, nalo ndilo bora kuliko yote, nitalifikia.

Saa kwanza. Niliandika hivi: "Jumanne, 20:30 Nairobi, kwa sasa ni 19:30 Leipzig, dakika 60." Tarakimu zile ni lazima. Sisi tukisema saa mbili na nusu, mgeni anaweza kuwaza 02:30. Naye akisema "halb neun" anamaanisha 20:30, na Mkenya anasikia tisa na nusu. Ukiandika kwa mfumo wa saa 24 na kutaja miji yote miwili, ubishi haupo. Muda wenyewe niliuchagua kwa sababu ya jam: ukitoka katikati ya jiji kuelekea Kasarani jioni hujui utashuka matatu saa ngapi, na mazoezi ya kuongea ukiwa umesimama kwenye gari hayana faida kwa mtu yeyote.

Yale maneno "kwa sasa" ndiyo yenye kazi kubwa. Nairobi haibadilishi saa mwaka mzima. Ujerumani inabadilisha mara mbili: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa kiangazi chao tunawatangulia kwa saa moja, wakati wa baridi kwa saa mbili. Mwaka 2025 badiliko la Oktoba liliangukia tarehe 26, Jumapili. Jumanne iliyofuata, tarehe 28, 20:30 yetu ilikuwa 18:30 yao badala ya 19:30. Hapo ndipo jozi nyingi hupoteana: mmoja anakaa saa nzima akitazama simu, mwingine anaingia baadaye akiwa na uhakika kwamba amewahi, na kila mmoja anaamini mwenzake hana adabu.

Swali la kuulizana mapema ni hili: saa ya nani haiguswi? Tulikubaliana ni ya Nairobi, kwa kuwa Leipzig kazi inaisha mapema na 18:30 haimsumbui mwenzangu. Kisha nikasisitiza kwamba tukio kwenye Kalenda ya Google nilitengeneze mimi, likiwa kwenye majira ya Nairobi. Tukio linalojirudia hufuata majira ya mji liliowekewa. Angelitengeneza yeye kwa majira ya Ujerumani, Oktoba lingehamia 21:30 kwenye simu yangu bila kuniuliza. Nikiwa mwenye tukio, lilihama kwake, likabaki palepale kwangu. Nakiri nilijisikia mjanja sana. Mwenzako akiwa Marekani tarehe ni nyingine, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, lakini swali ni hilohilo.

Dakika 60 tulizigawa hivi: 25 Kijerumani, 25 Kiswahili, 10 za masahihisho. Lugha inayoanza hubadilika kila wiki, maana ya pili ndiyo huliwa. Saa ya kuhesabu dakika hushikwa na yule ambaye lugha anayojifunza inafuata. Huyo ndiye mwenye hamu ya kuona king'ora kinalia. Mwingine angeacha hadithi iendelee.

Mada huchaguliwa na anayejifunza, na humfikia mwenzake Jumatatu usiku. "Tuongee chochote" huishia kwenye hali ya hewa. Mimi nilichukua sehemu ya kwanza ya mtihani, ambapo wawili hupanga jambo pamoja. Mfano mmoja: mwenzetu wa darasani amelazwa hospitalini, tumtembelee. Nilimtumia vidokezo vinne tu: siku gani, tunafikaje, tunabeba nini, nani ananunua. Nikamwomba akatae pendekezo langu angalau mara mbili. Hilo la kukataa ndilo lenye faida, kwa sababu mwenyeji wa lugha mwenye huruma hukubali kila kitu, na wewe hupati nafasi ya kupinga kwa adabu wala kutafuta njia ya kati, mambo ambayo mtihani unataka kuyasikia. Yeye alitaka Kiswahili sanifu cha darasani, ila dakika tano za mwisho Kiswahili cha Nairobi, sheng ndani. Vizuri tulitenga, la sivyo ningechanganya na angeandika "niko fiti" kwenye insha ya chuo.

Hakuna kukatizana. Anayesikiliza huandika makosa kwenye ujumbe wakati mwenzake anaongea, halafu mwishoni huchagua matatu. Ukipewa kumi na mawili hushiki hata moja.

Kuhusu kuahirisha tuliandika mistari michache. Ukijua mapema, sema kabla ya 20:30 Jumatatu. Dharura ya siku yenyewe, neno moja linatosha na sababu haiulizwi. Kwangu neno hilo mara nyingi ni "stima", kwa kuwa zikipotea waifai inazimika, na bando la shilingi mia moja hivi linatosha kwa simu ya sauti, si ya video. Mwenzako akichelewa unangoja dakika kumi, unaondoka, humpigii mfululizo. Aliyeahirisha ndiye anayependekeza nafasi mbili ndani ya wiki ileile. Zote zikishindikana, kipindi kimekufa na hakidaiwi. Vipindi vinavyodaiwa hulimbikizana mpaka mdaiwa anaona haya na kupotea kabisa.

Sharti lake sasa. Kila Jumanne kabla ya 18:00 Nairobi kila mmoja atume alama ya dole gumba. Isipofika, hakuna kipindi, na mwingine yuko huru kupanga jioni yake. Mtu anayeona aibu kuandika "sitaweza" anaweza kunyamaza tu, na kimya chake kikaeleweka muda wa saa mbili unusu kabla ya kipindi, si dakika kumi baada ya wewe kuketi na daftari.

Kwa kuwa hatukujuana, vipindi vinne vya kwanza vilikuwa vya majaribio, cha kwanza dakika 20 tu, sauti bila picha. Pesa, viza na ndoa hazizungumzwi isipokuwa ni mada ya mazoezi. Baada ya cha nne kila mmoja alipaswa kuandika "tuendelee" au "asante, naishia hapa", bila maelezo. Na vipindi viwili mfululizo bila dole gumba wala neno, makubaliano yameisha na tukio linafutwa kwenye kalenda. Anayelifuta ni mimi, kwa kuwa nimelishikilia.