Sahani ya mwisho na mama

Pune, India, Jumapili usiku

Shati langu linanuka moshi na samli, na bado sijataka kulivua. Leo mjukuu wa Aji, bibi mwenye nyumba ninayopanga, amevishwa uzi mtakatifu wa Kihindu. Hapa Maharashtra sherehe hii huiita munj, jina la nyasi anazofungwa mtoto kiunoni. Jina lake la vitabuni ni upanayana, yaani kumsogeza mtoto karibu na mwalimu. Wagujarati wa kwetu pwani husema janoi. Utotoni nilikuwa nauona ule uzi mweupe ukichungulia kwenye fulana ya mwenye duka wa mtaani, nikadhani Mhindi naye kafunga hirizi.

Mtoto ana miaka saba na ushei. Ada ya Mabrahmani, tabaka la makuhani, ni mwaka wa nane, ila huhesabu tangu mimba, kwa hiyo saba yake ni nane. Siku na saa alizipata guruji, kuhani wao, kwenye panchang, kalenda yao ya mwezi na nyota, nayo ikaangukia saa 4 na dakika 42 asubuhi. Niliidhani ni namna ya kusema tu. La, ni saa hiyo hasa, na guruji alishinda akiitazama saa ya mkononi kama refa.

Nilikuwa na dhana nyingine, kwamba guruji ndiye atakayemfundisha mtoto. Kumbe mwalimu ni baba. Guruji anasoma, anamtamkisha baba, anamrekebisha, anajua kipi kinatangulia kipi. Baba naye hapati haki ya kufundisha hivi hivi tu: kwanza inampasa aurudie mwenyewe mara 12,000 ule mstari mtakatifu atakaomfundisha mwanawe. Baba huyu ni mtu wa kompyuta, akakaa akapiga hesabu. Tasbihi yao ina punje 108, kwa hiyo mizunguko 112. Minne kila alfajiri, siku 28. Kuna siku usingizi ulimzidi, kesho yake akalipa minane. Chumba changu kimepakana na chao, na mwezi mzima nimekuwa nikiamshwa na mnong'ono ukutani. Guruji alisema wapo akina baba wanaomlipa mtu awasomee, na alivyolisema hilo nilijua halimpendezi.

Kabla ya yote leo kulikuwa na chakula cha mama. Mtoto aliketi ubavuni kwa mamake, sahani moja mbele yao: wali, dali ya mbaazi, samli, ladu. Pembeni waliketi wavulana wanane waliokwisha kuvishwa uzi na hawajaoa, nao wanakula. Mama alikuwa anamlisha kwa mkono wake, tonge dogo dogo. Aji aliniinamia akaniambia, "Ndiyo mara ya mwisho hiyo, mwanangu. Akitoka hapo hali tena sahani moja na mama." Basi ndipo nikaelewa kwa nini matonge yalikuwa madogo vile. Guruji akatazama saa. Mtoto akasema ameshiba. Mama akatengeneza tonge jingine, guruji akakohoa, akatengeneza na la pili.

Halafu kinyozi, akabakiza kishungi kimoja kisogoni, halafu kuoga. Baba na mwana wakasimamishwa uso kwa uso, katikati yao shuka limeshikwa na watu wawili. Beti zinaimbwa, na kila ubeti ukiisha tunarusha punje za mchele uliotiwa rangi nyekundu. Saa 4 na dakika 42 shuka likavutwa. Mtoto akainama kumgusa babake miguu, na mimi mchele wangu wote ukamwagikia shangazi aliyekuwa mbele yangu.

Uzi wenyewe nilikuwa nimeushika jana usiku, guruji alinipa wa akiba niutazame. Ni wa pamba, una nyuzi tatu, na kila mmoja umesokotwa kwa nyuzi tatu nyembamba, jumla tisa, zikakutana kwenye fundo moja. Urefu wake hupimwa kwa vidole vinne vilivyoshikana: unazungusha mara 96. Hukaa bega la kushoto ukashukia mbavu za kulia, ila kwenye ibada za marehemu huhamishiwa bega la pili. Nikauliza, ukikatika je? Hakuna kuuunga. Unavaa mpya kwanza, kisha ndipo unavua uliokatika, usije ukakaa hata kitambo bila uzi. Na kila mwaka, mwezi wa Shravan, hubadilishwa.

Juu ya uzi akazungushiwa kamba ya munj mara tatu kiunoni, akapewa kijipande cha ngozi ya swala na fimbo ya mti wa palasha iliyomzidi kimo.

Kisha wakafunikwa shuka, baba na mwana, wakawa kama kichuguu. Humo ndani anapewa Gayatri, mstari wa Rigveda, kitabu chao cha kale, wa kumwomba mungu jua, Savitar, azisukume akili zetu. Kwanza kipande kimoja kimoja, kisha nusu, kisha wote. Mpiga video alitaka shuka lipandishwe kidogo apate uso wa mtoto. Guruji hakumjibu, aliukanyaga tu upindo wa shuka kwa mguu. Nimesoma chuoni kwa maalimu ambako tulipiga kelele za alifu-be mpaka mtaa wa pili ukasikia. Huku somo la kwanza halisikiki hata na mtu aliye hatua mbili.

Mstari huo uko kila mahali, hata kwenye simu ya Aji ndio mlio. Nikamuuliza basi wanaficha nini. Akasema, "Wa kwenye simu hakupewa na babake."

Mizani zake ni 24, vipande vitatu vya nane nane. Nikahesabu kipande cha kwanza kwa vidole, tat sa vi tur va re nyam, nikapata saba. Nilimfuata guruji kama niliyemkamata. Akacheka: kinywani ni saba, lakini kwenye hesabu neno la mwisho huvutwa, va re ni yam, na nane inatimia. Kumbe na wao wana kukaza na kulegeza, kama watunzi wetu.

Dadake mtoto, miaka kumi, aliuliza kwa sauti mbona yeye hakuvishwa. Watu wazima wakaangalia chakula. Pune hii hii wapo wanawake waliofunzwa ukuhani na wasichana wanaovishwa uzi, ila si kwenye ukoo huu.

Mwanafunzi wa zamani aliishi kwa kuomba, kwa hiyo mtoto akapewa mfuko, na wa kwanza kumwomba ni mamake. "Om bhavati bhiksham dehi," bibie, nipe sadaka. Alisahau katikati, guruji akamtilia neno. Mama akamimina mchele na ladu, mikono ikimtetemeka. Sisi wengine tulitia bahasha, kalamu na chokoleti.

Karamu ilikuwa ya jani la mgomba, kila kitu na mahali pake: chumvi juu katikati, kachumbari na chatne kushoto, mboga kulia, wali na dali mbele yako, halafu puran poli, chapati tamu inayoogeshwa samli. Kitunguu na saumu hakuna. Ukisema basta, wanakuongeza. Mtoto alikuwa na jani lake peke yake.

Jioni nilishuka kuomba maji. Kamba ya munj ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Zamani ilisubiri miaka, siku hizi saa chache. Nikamkuta mtoto jikoni, ametoka msalani na uzi bado ameuzungusha sikioni, kasahau kuushusha. Mamake alikuwa ameshika ladu, anammegea. Guruji alikuwa keshaondoka.