Kisanduku cha To kinajazwa mwisho

Mafinga, Jumapili usiku

Baridi ya Juni imeshaingia mpaka vidoleni, na kesho asubuhi kuna profoma ya mbao ya kwenda kwa mjenzi mmoja Mbeya. Rasimu ya barua pepe iko tayari, lakini haitatumwa usiku huu. Barua iliyoandikwa usiku husomwa na macho yaleyale yaliyoiandika, na macho hayo yanajua tayari ilikusudiwa kusema nini. Yanaruka neno lililokosekana kana kwamba lipo.

Kwa hiyo utaratibu ninaouandika hapa haumwambii mtu asome kwa makini zaidi. Umakini unachoka. Unamwambia asome mara nne, kila mara akitafuta kitu kimoja tu: kiambatisho, majina, namba na maneno, halafu anwani. Anayetafuta majina asihangaike na herufi. Anayekagua namba asijali kama salamu imekaa vizuri. Kwa barua ya ukurasa mmoja, zote nne zinachukua kama dakika tano.

Kabla ya yote, kisanduku cha To kinabaki kitupu. Barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza. Kwenye barua mpya hilo ni rahisi. Shida iko kwenye kujibu, maana ukibonyeza Reply anwani inajaa yenyewe, na Reply all inabeba kila aliyekuwa kwenye barua unayoijibu. Hapo ninafuta anwani zote kwanza, ninazibandika kwenye mstari wa juu kabisa wa barua, kisha naandika. Mstari huo unachafua barua makusudi: siwezi kuusahau, na mwisho ndiko ninakozichukua.

Tuchukue profoma yenyewe. Mteja anataka vipande 450 vya mbili kwa nne na 120 vya mbili kwa sita, vyote futi 12. Kama ilivyo kawaida ya ofisi nyingi, barua haikuanzwa upya. Imefunguliwa ya mwaka jana ya mteja mwingine, ikabadilishwa hapa na pale. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu kinachobaki kutoka barua ya zamani kimeandikwa vizuri na hakina kosa la tahajia la kukushtua.

Kiambatisho kinakuja kwanza, kabla hata ya kuandika salamu. Ukisubiri mwisho, sentensi ya "nimeambatisha profoma" inakupa hisia kwamba kazi imeshafanyika. Gmail ina onyo linalokuuliza kama umesahau faili, ila linategemea maneno yaliyomo kwenye barua. Kwa barua ya Kiswahili mimi silihesabu kabisa.

Kuona jina la faili chini ya barua hakutoshi. Ninalibonyeza hapohapo ndani ya rasimu lifunguke. Likifunguka najua mambo mawili: limepanda lote, jambo la maana siku mtandao unapovuta miguu, na ndilo lenyewe. Kwenye folda kuna "Profoma_mpya.pdf", "Profoma_mpya2.pdf" na "Profoma_mwisho.pdf", na hakuna anayekumbuka ipi ilikuja baadaye. Ninaangalia sehemu tatu tu ndani yake: jina la mteja juu, tarehe, na jumla chini. Majina ya faili ya aina hiyo yangefaa kupigwa marufuku. "Profoma_2x4_2x6_2026-06-15.pdf" inajieleza, na mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe.

Ukubwa ni jambo dogo, isipokuwa kama umeweka picha za mbao kutoka kwenye simu. Mwisho wa Gmail ni MB 25. Ukipita hapo, faili linageuzwa kuwa kiungo cha Google Drive, na mpokeaji asiyepewa ruhusa atakutana na mlango uliofungwa. Punguza picha. Tena usijaze mpaka ukingoni, kwa kuwa faili likisafiri kwa barua pepe huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja.

Sasa majina, na huku kwetu majina yana kazi yake. Mteja ni Mwakalindile. Kwenye kitabu cha anwani yupo pia Mwakalinga, na Mwakatobe, na Mwakajinga. Herufi tano za mwanzo hazikusaidii kitu. Simu nayo ina tabia ya kupendekeza "mwaka" ukiwa bado unaandika, kana kwamba Wanyakyusa wote wamezaliwa kwenye kalenda. Halafu kuna "ky" na "ki": Mwakyoma si Mwakioma, na mwenye jina anaiona tofauti hiyo kabla hajasoma bei.

Dawa ni kutoandika jina kwa kumbukumbu. Ninalinakili kutoka kwenye saini ya barua yake ya mwisho au kwenye hati ya oda, nalibandika. Kisha natumia Ctrl+F ndani ya waraka na kutafuta "Mwak". Inaleta kila jina la namna hiyo, na "mwaka" wa kawaida pia, lakini hao unawapita haraka. Baada ya hapo natafuta jina la mteja wa ile barua ya zamani. Tuseme alikuwa Sanga. Kwenye salamu limebadilishwa, kwa sababu salamu kila mtu anaiona. Linapatikana aya ya tatu: "kama tulivyokubaliana na Ndugu Sanga". Majina ya zamani hujificha katikati ya aya, kwenye kichwa cha barua, na kwenye jina la faili. Salamu peke yake haithibitishi kitu.

Jambo dogo la heshima: Atupele anaweza kuwa mwanamke au mwanamume. Kama hujawahi kuzungumza naye, "Ndugu Atupele" haikosi. "Bw." na "Bi." za kubahatisha ziache.

Namba nazisoma kwa kikokotoo mkononi, si kwa macho. 450 mara 7,200 ni 3,240,000. 120 mara 11,500 ni 1,380,000. Jumla 4,620,000. Kwenye barua imeandikwa 4,260,000. Wahasibu wana njia ya zamani ya kutambua kosa la aina hii: toa moja kwenye nyingine, tofauti ni 360,000, na inagawanyika kwa 9 bila baki. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Si uthibitisho, ila inakuonyesha pa kuanzia.

Tarehe nazo hukaguliwa pamoja na siku yake. Barua inasema "jibu kabla ya Ijumaa tarehe 20 Juni". Mwaka 2025 tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Mwaka huu wa 2026 ni Jumamosi, Ijumaa ni 19. Siku na tarehe zisipokubaliana, mara nyingi sentensi nzima imetoka barua ya zamani, kwa hiyo naikagua yote, si tarehe tu. Na saa: "saa 4:00 asubuhi" inaeleweka kwa Mswahili, lakini barua ikiwa na nakala ya Kiingereza, andika 10:00 a.m. Ukiacha 4:00 tupu, msomaji wa Kiingereza atatuma lori saa kumi jioni.

Maneno nayasoma kwa sauti, kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili mtiririko wa habari usinibebe. Kikagua tahajia hushika "mbbao". Hakitashika neno sahihi lililokaa mahali pasipo pake, na Kiswahili kinabeba maana nzito kwenye silabi moja. "Bei hii inajumuisha usafiri" na "haijumuishi usafiri" zote ni Kiswahili safi, na kati yake kuna gharama ya lori kutoka Mafinga hadi Mbeya. "Gharama za kupakia ni za muuzaji" na "gharama za kupakua ni za muuzaji" zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi hiyo ndiyo inayoamua nani atawalipa vijana wa kushusha mzigo. Kwenye kila kitenzi chenye pesa nasimama na kujiuliza: tunakubali au tunakataa, na nani analipa?

Kabla ya anwani, nashuka mpaka chini kabisa ya barua. Gmail huficha mazungumzo ya nyuma kwenye vitone vitatu, na ukiwa umepeleka mbele barua ya mtu mwingine, mkia wote unakwenda nao. Mkia wa profoma hii unaweza kuwa na bei ya kiwandani, pamoja na "mwambie hatushuki chini ya hapo". Fungua vitone, soma, kata. Ndiyo hatua inayorukwa zaidi kwa sababu kinachofichwa hakionekani kuwa sehemu ya barua.

Ndipo anwani. Nabandika anwani nzima, siandiki "mwaka" nikakubali pendekezo la kwanza. Kisha naweka kishale juu ya jina mpaka anwani kamili itokee, naisoma kuanzia baada ya @ kurudi nyuma. Jina linaloonekana ni lebo tu. Kinachopeleka barua ni anwani. Kama pendekezo la zamani linaendelea kujitokeza, lifute kwenye contacts.google.com, sehemu ya Other contacts. Wanaonakiliwa nao nawataja mmoja mmoja: huyu anahusika na nini? Wateja wengi wakipelekewa orodha ileile ya bei, wakae Bcc, wasionane.

Mwisho ni Undo Send. Gmail hukuanzishia na sekunde 5, zisizotosha hata kushtuka. Kwenye See all settings, chini ya General, weka 30, kisha usisahau Save Changes. Huko hakuna barua inayorudishwa. Inacheleweshwa tu kuondoka, na sekunde zikiisha imekwenda. Kwenye Outlook ya zamani ya kompyuta kuna kanuni inayoweza kuchelewesha kwa dakika unazotaka, hadi 120. Ile Recall yake hufanya kazi ndani ya taasisi moja tu. Barua iliyokwenda kwenye Gmail ya mjenzi haivutwi.

Ikishapita na kosa, barua ya pili inaanza na neno MAREKEBISHO kwenye kichwa, inataja namba ya profoma, inasema kilichokosewa na kilicho sahihi, "jumla ni 4,620,000, si 4,260,000", na inaambatanisha faili lenye tarehe mpya. Mistari minne inatosha. Nayo hupitia mizunguko yote minne, kisanduku cha To kikiwa kitupu.