Nililipa elfu sitini kushikiliwa shamba kwa siku tisini

Shamba lenyewe ni ekari tatu, ndani kidogo kutoka Kaloleni, Kaunti ya Kilifi. Mzee mwenyewe alitaka milioni 2.4. Mimi nilikuwa na kama laki tatu mkononi na ahadi ya mkopo wa sako, na sako yetu ikisema miezi miwili huwa inamaanisha miwili na nusu. Lakini pesa haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa maji. Nilikusudia kufuga kuku na kulima mboga, na kisima cha jirani wa upande wa chini nilikionja mwenyewe: chumvi tupu. Kununua kwanza kisha ndiyo nimwite mpima maji, hapana. Na nikimwita mpima maji kwanza, naye mzee amuuzie mtu mwingine kesho yake, nitakuwa nimempimia mnunuzi huyo bure.

Wakili niliyemwendea Mombasa alinisikiliza, akauliza, "Kwa hivyo hutaki kununua bado. Unataka yeye asiuze. Hayo ni mambo mawili." Ndipo nikaijua opsheni.

Alivyonieleza ni hivi. Ukilipa amana ya asilimia kumi, umeshaingia mkataba wa kununua: yeye amefungwa kuuza, nawe umefungwa kununua, na ukirudi nyuma waweza kuipoteza amana yote. Opsheni humfunga muuzaji peke yake. Kwa muda mliokubaliana hawezi kumuuzia mwingine wala kupandisha bei, nawe una hiari ya kununua au kuondoka. Hiyo hiari ndiyo bidhaa, na ada ya opsheni ndiyo bei yake. Kwa hivyo ukiamua kutonunua hurudishiwi, maana ulichokilipia umekwisha kukitumia: siku zenyewe.

Mzee alicheka nilipomweleza. "Yaani unanunua kusubiri?" Ndiyo, mzee. Akataja laki moja, nikataja elfu thelathini, tukakutana kwenye elfu 60. Ni asilimia mbili na nusu ya bei. Kwa jicho langu ilikuwa haki: yeye aliendelea kulima mihogo yake, hakuhamishwa, na kama ningeondoka angebaki na shamba pamoja na elfu sitini. Alichotoa ni uhuru wa kuuza kwa miezi mitatu.

Jambo moja la ada nusura linipite. Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na kijana wa mzee, ilisema tu kwamba nimelipa elfu sitini "kwa ajili ya shamba." Wakili akaweka duara. Je, nikinunua, hiyo elfu sitini inatolewa kwenye bei au inakaa kando? Haitolewi yenyewe kwa kuwa wewe umedhani hivyo, lazima iandikwe. Tukaandika: nikitumia opsheni inahesabiwa ndani ya amana, nisipotumia ni ya mzee moja kwa moja. Na nikitaka kuongezewa siku thelathini nitalipa elfu 25 kabla ya muda kwisha, na hiyo haitakatwa popote. Hicho kipengele cha mwisho alikitaka mzee, nami sikukipinga.

Tulitia sahihi Jumatatu, tarehe 14 Machi 2022, mbele ya mashahidi, maana Kenya makubaliano ya kununua ardhi yasiyoandikwa, kutiwa sahihi na kushuhudiwa hayakufikishi mbali mahakamani. Mke wa mzee alitia sahihi ya ridhaa siku hiyohiyo. Wakili hakukubali tuiache hiyo hadi siku ya kununua. Bei ikaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya shamba ikanakiliwa kutoka kwenye hati, na kabla ya yote hayo tulikuwa tumefanya upekuzi ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililoko kwenye rejista ni lake na hakuna benki inayolidai.

Halafu kuna hesabu ya siku. Rasimu ilisema "siku tisini." Wakili akafungua kalenda, akaanza kuhesabu kuanzia tarehe 15, akaangukia 12 Juni. Jumapili. Ofisi yake imefungwa, benki imefungwa, na kijana wa mzee atasema tumechelewa. Akafuta "siku tisini", akaandika: saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 10 Juni 2022. Nilipoteza siku mbili, nikapata usingizi.

Wiki iyo hiyo tuliweka zuio kwa msajili wa ardhi. Sheria ya usajili ya 2012 inamruhusu mtu anayedai haki ya kupata ardhi kwa mkataba kuweka zuio kwenye rejista, na likiwapo, uhamisho unaopingana nalo hausajiliwi. Mwenye ardhi hujulishwa, kwa hivyo nilimpigia mzee mapema asije akashtushwa na barua ya serikali. Bila zuio, opsheni yangu ingekuwa karatasi kati yangu naye tu. Angemuuzia mwingine asiyejua, ningebaki kumdai yeye fidia, na shamba limekwenda.

Mpima maji alikuja mwezi wa Aprili. Alipima sehemu mbili. Pembe ya chini akatikisa kichwa, chumvi ileile. Pembe ya juu, karibu na mwembe, akasema panafaa. Hapo nilikuwa nimeshaamua moyoni, ila mkopo haujatoka.

Mwanzoni mwa Mei akaja mnunuzi mwingine na milioni tatu. Kijana wa mzee alinipigia jioni: warudishe elfu sitini zangu, waniongezee kumi juu, tusahauliane. Nikamwambia aliyeuza hiari hawezi kuirudisha kwa kurudisha pesa. Nikampigia mzee mwenyewe, kwa kuwa sahihi ni yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nilitia sahihi." Mazungumzo yakaishia hapo. Bado nilishukuru kwamba zuio lilikuwepo, kwa sababu yule kijana ana ushawishi.

Sasa kosa langu. Tarehe 30 Mei sako wakanijulisha mkopo umepita, pesa zitaingia wiki ya pili ya Juni. Kwa furaha nikamtumia mzee ujumbe wa WhatsApp: nimeamua kununua, ila naomba amana niilipe mwisho wa Juni. Akanijibu kwa kidole gumba. Nikadhani nimemaliza.

Wakili alipouona ujumbe ule alivua miwani. Kwanza, hati ilisema taarifa ya kutumia opsheni iwe ya maandishi, yenye sahihi yangu, ikabidhiwe mzee mkononi au kwa wakili wake. Pili, hati ilisema taarifa iambatane na malipo ya salio la amana. Mimi nilikuwa nimesema "nanunua, ila." Opsheni haitumiwi kwa "ila". Ukibadilisha sharti lolote hujaitumia, umetoa ombi jipya tu, na mzee ana hiari ya kulikubali au kulikataa. Bahati yangu siku zilikuwa bado zipo, kwa hivyo ningeweza kuanza upya. Ingekuwa tarehe 11, kidole gumba kisingenisaidia.

Akanipa kisa cha Uingereza ambacho mawakili hukisoma. Mwezi Oktoba 1971 daktari mmoja aitwaye Hughes alitoa opsheni ya miezi sita juu ya nyumba yake kwa pauni 45,000, kwa sharti kwamba atumiwe taarifa ya maandishi. Wanunuzi waliituma barua kwa posta tarehe 14 Aprili 1972, ndani ya muda. Barua haikufika. Kwenye mikataba mingine, kuiweka barua posta hutosha. Hapa mahakama ilisema taarifa lazima imfikie, na opsheni ikafa. Kesi za Uingereza haziwafungi majaji wetu, lakini huzisikiliza, na kwenye opsheni muda huchukuliwa kwa ukali hata kama hati haijasema hivyo. Sababu inaeleweka: muuzaji amefungwa mikono muda wote huo bila mwenzake kufungwa, kwa hivyo mwenzake akitaka kuitumia hiari yake aifuate hati neno kwa neno.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Asilimia kumi ya milioni 2.4 ni 240,000. Toa ada 60,000, inabaki 180,000. Mkopo usingeiwahi Ijumaa, basi laki moja na themanini nikaitoa kwenye zile laki tatu za kwanza, ambazo upimaji ulikuwa umeshazila kidogo. Nikalipa benki kwa benki siku ya Jumatano tarehe 8, si Ijumaa, kwa sababu pesa inayozunguka mitamboni siku ya mwisho haijafika.

Taarifa yenyewe ilikuwa aya mbili: kwamba chini ya hati ya 14 Machi natumia haki yangu ya kununua shamba namba fulani, kwa bei iliyomo na masharti yaliyomo, na kwamba salio la amana limelipwa, risiti hii hapa. Hakuna shukrani, hakuna ombi, hakuna maelezo ya mkopo. Alhamisi asubuhi nikapanda matatu hadi Kaloleni na nakala tatu. Mzee alikuwa shambani. Alizisoma polepole, akatia sahihi ya kupokea, akaandika tarehe na saa: saa nne na dakika ishirini. Nakala moja kwake, moja kwa wakili wake siku hiyohiyo kwa mhuri wa kupokea, moja kwangu. Kuanzia hapo haikuwa opsheni tena. Ulikuwa mkataba wa mauzo, nami pia nimefungwa.

Palibaki bodi ya ardhi. Shamba ni la kilimo, hivyo uhamisho unahitaji ridhaa ya bodi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu kufanya makubaliano. Makubaliano yapi, ya Machi au ya Juni? Wakili wangu alikataa kubishana juu ya hilo. Alihesabu kuanzia tarehe ya mapema, akapata 14 Septemba, akapeleka ombi mwezi wa Julai kwa sababu Agosti ilikuwa na uchaguzi mkuu na alijua ofisi zitalala. Mzee na mkewe walifika kikaoni, wakaulizwa kama wanauza kwa hiari yao na kama watoto wanajua. Kijana wao alikuwa amekaa nyuma. Akasema anajua.

Siku ya kukabidhiana mzee aliomba miezi miwili avune mihogo. Hilo halikuwemo kwenye hati yoyote. Nikampa, na safari hii sikudai ada.