Nilivyokokotoa njia ya kikatio kwenye kona ya ndani

Katika karakana ninayofanyia kazi hapa Tanga, tulipewa bamba la chuma la mashine ya kuchakata mkonge, tulichimbe poketi ya milimita 60 kwa 40 yenye kona za rediasi 8, ili kipande kingine chenye kona kama hizo kikae ndani yake. Kikatio changu kilikuwa na kipenyo cha milimita 10, na sifuri niliiweka pale ambapo ukuta wa kushoto na ukuta wa chini vingekutana kama kona isingekuwa na tao.

Kwa kuwa kitovu cha kikatio hukaa mbali na ukuta kwa nusu ya kipenyo, nilisogeza kila mstari ndani kwa milimita 5, nikapata X kuanzia 5 hadi 55, na Y kuanzia 5 hadi 35. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kona, kwani rediasi 8 ya mchoro niliiacha vilevile kwenye njia ya kitovu. Kitovu kilipopita kwenye tao la 8, ukingo wa kikatio, ulio milimita 5 nje zaidi, ulichonga rediasi 13. Kipande kilikataa kuingia, na geji ya rediasi 8 iligusa katikati ya kona tu, mwanga ukipita pande zake zote mbili. Kwa bahati njema chuma kilikuwa kimezidi, takriban milimita 2 kwa mshazari, hivyo bamba halikuharibika.

Fundi mkuu wetu alitazama karatasi yangu akasema, “Mwanangu, mistari huhama, lakini kitovu cha tao hakihami.”

Basi nikaanza upya na kona ya chini kulia. Kitovu cha tao ni X52 Y8, yaani 60 kutoa 8, na 8 juu ya ukuta wa chini. Rediasi ya njia ni 8 kutoa 5, yaani 3. Kwa hiyo tao huanzia X52 Y5 na kuishia X55 Y8. Amri za mashine zikawa hizi: G01 ni mstari mnyoofu, G03 ni tao la kinyume cha saa, I na J ni umbali kutoka mwanzo wa tao hadi kitovu chake, na F ni mwendo.

```
G01 X52 Y5 F160
G03 X55 Y8 I0 J3 F60
G01 X55 Y32 F160
```

Mwendo niliupunguza hadi 60 kwa sababu kitovu kinapotembea tao la 3, ukingo hutembea tao la 8; 160 mara 3 gawanya kwa 8 ni 60.

Kikatio kiliponolewa kikabaki 9.8, kila nukta ilibadilika. Tangu hapo huandika ukuta wenyewe, nikiwasha G41, amri inayoiachia mashine isogeze kitovu cha kikatio yenyewe, kwenye mstari mnyoofu ndani ya poketi kabla ya kufika ukutani:

```
G01 X52 Y0
G03 X60 Y8 I0 J8
```

Mashine yetu hutaka rediasi, kwa hiyo kwenye D, penye ukubwa wa kikatio, huandika 4.9. Siku moja niliandika 9.8, na kwa kuwa rediasi hiyo inazidi 8, mashine ilisimama kwa alamu. Kona ya rediasi 12 ingepita bila alamu yoyote, na kila ukuta ungebaki na milimita 4.9 za chuma zisizokatwa.