Koo au mguu? Kabla hujatafsiri WPS

Ninapotafsiri WPS, yaani maelekezo ya kuchomelea, mimi hutenganisha kwanza kiungo na mshono. Kiungo ni namna vyuma vinavyokutana. Mshono ni chuma kilichoyeyuka na kuganda hapo. Kiungo cha T kinaweza kuwa na mshono wa pembe au wa mfereji, kwa hiyo andika vyote viwili.

Panapoumiza zaidi ni vipimo vya mshono wa pembe. Koo ni unene wake kutoka mzizi hadi uso, mguu ni upana wa upande wake ulioshika chuma. a5 ni koo la milimita 5. Alama z5 ni mguu wa milimita 5. Ukiandika tu "ukubwa milimita 5" badala ya a5, fundi atapima mguu. Koo litakuwa 3.5 tu, wakati alihitaji mguu wa 7 hivi (5 × 1.41). Kwa macho mshono utapendeza kabisa!

Jina la elektrodi, kama E7018, liache lilivyo, ndivyo pakiti ilivyoandikwa. Ila maelekezo ya kuzitunza elektrodi kwenye oveni usiyafupishe: ganda likinyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye mshono na nyufa zinaweza kutokea hata baada ya chuma kupoa.

Upande wa ukaguzi, vinyweleo, yaani vitundu vya gesi kwenye mshono, ni hitilafu. Huwa kasoro vikivuka kikomo cha kukubalika. Ukiviita kasoro tangu mwanzo, umeshamwamulia mkaguzi.