Kanzu ya Ijumaa na Kiburi cha Moyo

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu katika imani.

Bibi Aisha, Allah amridhie, anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba watu walikuwa wakija kwenye sala ya Ijumaa kutoka majumbani mwao na kutoka Awali, viunga vya Madina. Walifika na vumbi mwilini, jasho likiwatoka. Mmoja wao alipomwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, Mtume alimwambia maneno ya upole: lau mngejitwaharisha kwa ajili ya siku yenu hii.

Watu wale walikuwa na imani, tena walikuwa wachapakazi. Lakini safuni mtu husimama bega kwa bega na mwenzake, na jasho la mmoja ni adha kwa wawili walio pembeni yake. Ndiyo maana hata aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa asikaribie msikiti. Kuoga, kupiga mswaki na kuvaa kanzu iliyofuliwa ni haki ya jirani yako kabla hayajawa mapambo yako.

Basi majivuno yako wapi? Swali hilo liliulizwa waziwazi. Mtume aliposema kuwa hataingia Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni, mtu mmoja akauliza: je, mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa: Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Imo katika Sahihi Muslim. Nguo haikulaumiwa. Kilicholaumiwa ni jicho tunalomtazamia mwenzetu.

Na hapa naona wengi tunateleza. Mtu amejifukiza udi, kofia yake ya mkono imekaa sawasawa, kisha anamwona fundi aliyetoka kazini moja kwa moja, ovaroli ina madoa ya oili, anasogea kando ili asimguse. Dharau imeshaingia, na haikuletwa na kofia. Inaweza pia kumkaa huyo fundi, akijiona kuwa ni mchamungu zaidi kwa sababu hana kanzu ya kupendeza.

Hadithi ya Salman kuhusu Ijumaa, iliyo katika Bukhari, inayaweka yote pamoja. Mtu aoge, ajitwaharishe awezavyo, ajipake mafuta yake au manukato ya nyumbani kwake; yaani alichonacho, si lazima akakope dukani. Kisha aende msikitini wala asiwatenganishe watu wawili, aswali alichoandikiwa, na anyamaze imamu anapohutubu. Huyo husamehewa yaliyo baina ya Ijumaa hiyo na nyingine. Manukato na kutowabana watu waliokwisha kukaa vimetajwa kwa pumzi moja. Anayechelewa akiwa ananukia vizuri, akaruka mabega ya watu kuitafuta safu ya mbele, ameitimiza nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.