Mstari uliomezwa na karatasi

Leo asubuhi nimebandika ubaoni orodha ya mapokezi ya korosho, hapa ghalani Masasi.

Bibi mmoja akaniita: "Mwanangu, korosho zangu mmezikataa?"

Karatasi ilisema "Hazijapokelewa". Mstari wa chini yake, "zianikwe tena kisha zirudishwe", haukutoka kabisa. Uso wa bibi yule ninao hadi sasa.

Wrap Text niliweka. Ila seli za maelezo nilikuwa nimeziunganisha kwa Merge Cells, na Excel hairefushi yenyewe safu mlalo ya seli zilizounganishwa, hata ukibofya AutoFit Row Height. Nimezitenganisha, nikapanua safu wima, nikabofya tena: maneno yote yakatokea.

Bibi nimempelekea karatasi mpya mkononi.

Wenzangu mnaochapisha orodha, yamewahi kuwakuta?